Dola mia nne, shilingi ngapi?

Mimi hesabu sikuziweza tangu shule, na mwalimu wangu anajua sababu. Lakini shemeji yangu ni baharia, na baharia akishuka melini hashuki na shilingi, hushuka na dola. Wiki jana akanipa dola 400 za mabati ya nyumba ya mama mkwe, akaniambia, "Nenda mjini ukabadilishe, usifanywe mjinga." Maneno ya mwisho angeyabakisha.

Nikavuka na feri asubuhi, nikapanda mpaka mjini, nikasimama mbele ya duka la kubadilisha pesa ambalo jina lake sitalitaja kwa sababu bado nina shida na dola siku zijazo. Mlangoni kuna ubao wa taa nyekundu. Nikasoma safu ya dola: 128.50 upande mmoja, 130.50 upande wa pili. Nikachagua iliyonoga. Nikatoa simu, nikapiga 400 mara 130.50, ikaja 52,200. Papo hapo nikamtumia mke wangu ujumbe: "Pesa ya mabati ni 52,200." Usinicheke. Nilikuwa na furaha.

Nyuma yangu mzee mmoja wa kanzu akanichungulia simu bila haya, akasema, "Mwanangu, hiyo ni SELL. Wewe unaangalia bei ya kununua dola kwao. Wewe dola unazo, unataka kuwauzia. Wao ndio wanunuzi, kwa hiyo soma BUY." Nikamwambia lakini mimi ndiye ninayeuza, kwa hiyo SELL ni yangu. Akanitazama vile anavyotazamwa mtu aliyevua viatu kabla ya kupanda tuktuk. Maneno ya ubaoni ni ya mwenye duka, siyo yako. Akinunua, ananunua kwa 128.50. Akiuza, anauza kwa 130.50. Hizo shilingi mbili katikati ndizo kodi ya chumba, mshahara wa keshia na sufuria ya pilau ya mwenye duka. Ndiyo maana wamebandika dirishani kwamba ada hakuna. Ada ya nini, na wameshakula?

Basi ni 51,400. Nikajiambia mke nitamweleza baadaye. Nikachukua karatasi ya njugu niliyokuwa nimeshika, nikaandika: 128.50. Hiyo karatasi ndiyo iliyoniokoa, na ilikuwa na chumvi.

Foleni ikasogea. Keshia binti mpole, kucha ndefu, sauti ya asali. Nikamuuliza dola inanunuliwa ngapi leo. "Mia na ishirini na nane na nusu, baba." Nikampa fungu la shemeji: noti tatu za mia, moja ya hamsini, mbili za ishirini, moja ya kumi. Akazikagua moja moja. Za mia akazipapasa, akaziinua kwenye mwanga, akatafuta ule utepe wa bluu wa zile noti zilizoanza kutoka 2013. Nilijiona kama mimi ndiye niliyezichapa nyumbani. Akaomba kitambulisho, akaandika, printa ikakoroma, risiti ikatoka. Kisha akaweka bunda la elfu kwenye mashine ya kuhesabu, mashine ikalia frrrr, ikaandika 50. Akanisukumia bunda pamoja na noti nyingine zilizokunjwa, na risiti juu kama kifuniko.

Hapo ndipo watu wengi huondoka. Mashine imeshalia frrrr, nani atabishana na mashine? Lakini kumbuka mashine imehesabu elfu tu. Zile ndogo zimehesabiwa na kucha.

Nikazikunjua. Mia tano moja, mia mbili mbili. Mia tisa. Pamoja na elfu hamsini ni 50,900. Risiti inasema 51,000. Karatasi ya njugu inasema 51,400. Jamani, hesabu moja imezaa watoto watatu, na kila mmoja ana baba yake!

Nikaanza na ile mia, kwa sababu ile haingojei. Ukishauachia mlango, risiti yako inasema ulipewa 51,000 na wewe huna shahidi isipokuwa mfuko wako. Reti mbovu imeandikwa kwenye karatasi, unaweza kuibishania hata kesho. Noti iliyopungua haijaandikwa popote. Nikasema, "Binti, hapa mia haipo." Akasema, bila hata kuinua macho, "Chenji ya mia hakuna, baba." Nikamwambia hata mimi nikikosa nauli ya mia, tuktuk hainiambii chenji hakuna. Nitumie kwa M-Pesa. Ghafla mia ikapatikana. Ilikuwa chini ya stepla, maskini, imejificha kwa aibu.

Nyuma watu wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema, "Mzee, tunachelewa kazini." Na mimi sikutoka kitandani kucheza bao. Nikabaki dirishani, kwa sababu sasa nimeona risiti kwenye mstari wa pili: USD 400.00, na kando yake RATE 127.50. Niliambiwa 128.50! Ubaoni 128.50! Ndani ya printa shilingi moja imepotea kila dola. Mara 400, ni mia nne.

"Binti, reti imebadilika kutoka mlangoni mpaka hapa dirishani? Ni hatua nne."

Akasema, "Baba, una noti ndogo. Noti ndogo zina reti yake."

Sasa hapo, kwa haki, hakunidanganya. Noti ndogo za dola huchukuliwa kwa bei ya chini. Anayekuja kununua dola pale ni mfanyabiashara anayekwenda Dubai au China kuleta mzigo, naye anataka noti za mia, mpya, zinazoingia mfukoni bila kuonekana. Hakuna anayetaka kusafiri na gunia la ishirini ishirini. Kwa hiyo duka likizichukua, zinamkalia. Nikamuuliza ndogo ni ngapi kwenda chini, na bei yake iko wapi. Akanionyesha kwa kucha: chini kabisa ya ubao wa ndani, nyuma ya feni, kuna mstari mdogo, USD SMALL 124.00. Ndogo, akasema, ni ishirini kushuka. Hamsini yako ni kubwa.

Mzee wa kanzu, ambaye kumbe hana haraka yoyote maishani, akaniambia, "Sasa hesabu." Tukahesabu pamoja, yeye anasoma, mimi napiga simu. Dola zangu kubwa ni 350: mia tatu na hamsini. Mara 128.50, zinakuja 44,975. Ndogo ni 50: ishirini mbili na kumi. Mara 124, zinakuja 6,200. Jumla 51,175. Na risiti inasema 51,000.

Yaani hata kwa sheria yao wenyewe ya nyuma ya feni, risiti imepungua 175.

Mzee akageuza hesabu upande mwingine, na hii ndiyo niliyoipenda. Akasema, chukua 51,000, toa 44,975 za noti kubwa ambazo hakuna anayezibishia. Zinabaki 6,025. Gawa kwa 50. Ikaja 120.50. Kumbe dola zangu ndogo zimenunuliwa kwa 120.50, bei ambayo haiko mlangoni, haiko dirishani, haiko hata nyuma ya feni! Yule binti alipoona nina noti mchanganyiko alishusha shilingi moja kwa kila kitu, na zile kubwa zikaadhibiwa kwa makosa ya ndogo.

Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Mtambo unapokea reti moja tu kwa risiti."

Nikamwambia basi mtambo na utoe risiti mbili.

Kimya. Feni inazunguka. Yule aliyechelewa kazini sasa amesogea kusikiliza, amesahau kazi. Binti akaingia ndani, akatoka na bwana mmoja wa miwani. Bwana akatazama risiti, akatazama karatasi yangu ya njugu, akatazama leseni ya Benki Kuu iliyotundikwa ukutani kama vile inamwangalia yeye. Hakuuliza swali. Akapiga muhuri risiti ya kwanza kwamba imefutwa, akaandika kitu kwenye kompyuta, na mtambo ule ule usiojua reti mbili ukatoa risiti yenye mistari miwili, mizuri kama alama za unyayo mchangani:

```
USD 350.00   128.50   44,975.00
USD  50.00   124.00    6,200.00
TOTAL KES             51,175.00
```

Nikahesabu pale pale. Elfu hamsini na moja, mia, hamsini, ishirini, na shilingi tano ya sarafu ambayo binti aliiweka kwa sauti, taa!, ili nijue ameiweka. Nikagawa jumla kwa dola 400, kwa kukomoa tu: ikaja karibu 127.94. Hiyo ndiyo reti yangu halisi, mengine yote ni mapambo ya ubao.

Nikatoka mshindi. Shilingi 275 nilizozirudisha mkononi: mia ya chini ya stepla na 175 za reti. Nilimnunulia mzee kahawa chungu na kashata, nikanywa na mimi, nikala viazi karai, nikapanda tuktuk mpaka feri kwa sababu miguu ilikuwa imechoka kwa kusimama dirishani. Sijui zilikwisha saa ngapi zile 275, lakini zilikwisha kwa heshima.

Nyumbani nikamkabidhi mke wangu pesa na risiti, nikakaa nisubiri sifa. Akahesabu. Akasoma risiti, mstari wa kwanza, wa pili, jumla. Akakubali kwamba risiti na pesa vinalingana. Kisha akachukua simu yake, akatafuta ujumbe wangu wa asubuhi, akauweka mezani kando ya risiti, akanyoosha kidole kwenye 52,200.

"Baba Fulani, hapa kuna elfu moja na ishirini na tano. Umemhonga nani?"

Nikamweleza habari ya BUY na SELL. Akasema wewe ndiye uliyeuza, kwa hiyo SELL ni yako. Kesho namtafuta mzee wa kanzu.