Kuwalilia wazazi ambao bado wako hewani

Kuna neno moja kwenye meseji ya baba ambalo limenitafuna miaka miwili sasa na wala sio yale makali. Makali niliyategemea, sijui umetuaibisha, sijui mimi sikuzaa mtoto wa namna hii, yalichoma siku ile alafu yakapoa. Neno lenyewe ni "mpaka". Aliandika, "Usinipigie wala usikanyage hapa mpaka utakapobadilika." Baada ya kama dakika kumi nikatolewa kwenye grupu la familia, na aliyenitoa ni mdogo wangu maana ndo admini, nikajua tu katumwa.

Siku chache kabla nilikuwa nimewaambia kwamba nampenda mwanamke mwenzangu, na kwamba sio jambo la jana wala sikufundishwa na mtu.

Sasa hilo "mpaka". Angeandika usinipigie tena, nukta, ningelia nikajua nimekanwa na ningeanza kuishi kama mtu aliyekanwa. Ila "mpaka" ni mlango umeachwa nusu wazi na juu yake pamebandikwa bei, na bei yenyewe ni mimi niache kuwa mimi. Kwa hiyo huwezi kuomboleza vizuri kwa sababu hakuna aliyekufa, na huwezi kutulia kwa sababu hakuna aliyerudi, unabaki hapo mlangoni.

Nataka niseme kitu ambacho najua wengine hawatakipenda. Watu wakiniuliza ni nini kimenichosha zaidi, hasira au huzuni, nawaambia wala sio hizo, ni matumaini. Hasira ukiiacha inachoka yenyewe na kilio nacho kina mwisho, lakini matumaini kila asubuhi yanaviamsha vyote viwili upya. Mimi nilikuwa nikiamka, kabla hata sijanawa uso, naangalia mama alikuwa hewani mara ya mwisho saa ngapi. Usiku mmoja nimefungua jina lake nikaona "anaandika", ikapotea, ikarudi tena "anaandika", ikapotea, nikakaa nimeishika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Hamna kilichokuja. Kesho yake nilikuwa na hasira na kila mtu, hadi mtu aliyenisalimia tu njiani nilimjibu vibaya, na nilidhani nina hasira na baba kumbe ilikuwa ile "anaandika".

Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Pauline Boss, miaka ya 1970 alifanya kazi na familia za wanajeshi waliopotea vitani Vietnam, wale ambao hakuna mwili uliorudi wala habari ya uhakika. Aliona hawa watu wamekwama, hawawezi kusema kafa na hawawezi kusema yupo, akaandika kwamba kuna msiba usiokuwa na jibu na ndo unaomganda mtu. Alafu akasema upo na wa upande wa pili, pale ambapo mtu yupo kwa mwili ila kwako hayupo tena. Nilivyosoma hapo nilifunga simu nikatembea kidogo. Namba ya mama inaita, picha yake ya profaili anabadilisha, afya anayo, ila yule mama aliyekuwa ananipigia kunisimulia ndoto zake hayupo. Mimi nimefiwa na huyo. Na hakuna mtu anayekuja kukupa pole kwa msiba wa namna hiyo, wakija ni kukwambia "mzazi ni mzazi, atarudi tu", au wale wa upande mwingine, "achana nao, hao sio wazazi". Wote wanataka nimalize haraka ili wao waache kuhangaika.

Kilichonisaidia kidogo ni kuacha kusema "nimepoteza wazazi", maana hiyo ni kubwa mno na pia sio kweli. Nilikaa na daftari nikaanza kuandika kimoja kimoja ni nini hasa kimeondoka. Simu za mama za jioni. Kuitwa kwa lile jina la utotoni ambalo baba peke yake ndo analitumia. Kuwa na mahali pa kuandika kwenye fomu panapoulizwa mtu wa karibu wa kupigiwa ukipata tatizo. Hili la fomu lilinishinda kabisa, nililia mbele ya kaunta na yule dada wa watu akadhani naumwa. Ila ukishakitaja kitu kwa jina unaweza kukililia kikaisha, au kikapungua, na unagundua vingine havijaondoka. Ucheko wa mama ninao mimi kooni kwangu, huo hawezi kuja kuuchukua.

Kwenye hasira nilikosea sana. Nina rafiki yangu mmoja anayenipenda kwelikweli, yeye dawa yake ilikuwa "toa yote dada, usibaki nayo", basi tunakaa saa nzima tunamchambua baba, matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, na mimi naondoka pale natetemeka na usingizi hauji. Nikadhani bado sijatoa vya kutosha. Baadaye nikakutana na jaribio la mwanasaikolojia Brad Bushman la mwaka 2002, waliwaudhi watu makusudi alafu wengine wakapewa gunia la mazoezi walipige huku wanamfikiria aliyewaudhi, wengine wakakaa tu kimya dakika chache. Waliopiga gunia ndo waliotoka na hasira zaidi. Yani hasira sio maji kwamba ukimwaga yanaisha, inafanana zaidi na moto na kila ukimsimulia upya yule mtu unaongeza kuni. Sisemi uimeze, kuimeza ni balaa jingine, ila kuna tofauti ya kuizungusha na kuisikiliza.

Kuisikiliza kwangu ilikuwa ni kuiuliza inadai nini hasa. Maana hasira huwa ina hoja. Nilipoiuliza vizuri nikakuta hasira yangu kwa baba haihusu sana yale maneno, inahusu siku moja nikiwa mdogo nimevunja kitu cha thamani nikajificha, akanikuta akaniambia hakuna kitu utakachofanya kikakutoa kwenye hii nyumba. Niliamini ile ahadi. Nilipowaambia ukweli wangu niliusema nikiwa nimesimama juu ya ile ahadi na yeye akaitoa chini ya miguu yangu. Hiyo ndo hasira yenyewe, ni ya haki na sina mpango wa kuomba msamaha kwa kuwa nayo. Hasira kwa mama ni tofauti kabisa, yeye hakusema neno, na nimekuwa na hasira na kule kunyamaza kuliko na matusi ya baba. Nilivyozitenganisha zikawa nyepesi, kabla ya hapo lilikuwa bonge moja tu kifuani.

Kuandika kunafanya kazi ila kuna namna yake. Mtu aliyeifanyia utafiti hii habari, James Pennebaker, kwenye jaribio lake la 1986 aliwapa watu dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, waandike jambo lililowaumiza, hisia na tukio lenyewe vyote pamoja, bila kujali tahajia wala nani atasoma. Mara baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi, faida zilionekana miezi ya baadaye. Hilo la kujisikia vibaya ulijue mapema, mimi siku ya pili nilitapika kabisa. Ukiona baada ya siku hizo unazidi kuzama badala ya kupanda, acha, mtafute mtu wa kukaa na wewe.

Na ulichoandika usitume. Hapa naongea kwa machungu. Siku ya nne nilikuwa na kurasa sita, zimenyooka, nikaona dah, hii baba akisoma lazima aelewe, nikazipiga picha nikamtumia saa sita usiku. Akasoma, ikaonekana kasoma. Hakujibu. Kesho yake baba mdogo ananipigia ananinukulia sentensi zangu mwenyewe, kumbe zimeshasambazwa kwa ukoo mzima. Barua ambayo ilikuwa inanitibu ikageuka ushahidi dhidi yangu, na mimi nikarudi mlangoni kusubiri jibu. Ukituma unakuwa umeyarudisha matumaini pale pale ulipokuwa unajaribu kuyatoa.

Ngoja niseme na hili kwa mdogo wangu yeyote ambaye bado anaishi kwao au analishwa nao. Haya yote ya kuomboleza yanataka usalama kwanza. Mimi miezi ya mwanzo sikuhisi chochote, nilikuwa natafuta pa kulala na watu wakanisifu eti nina moyo mgumu, machozi yalikuja baadaye nilipopata chumba na funguo yangu. Kwa hiyo kama sasa hivi umekufa ganzi au unajifanya yameisha ili usifukuzwe, huna kasoro, mwili unajua ratiba. Lakini ukianza kufikiria kufa, hata kwa utani, hata kwa ile "bora nisingeamka", hapo usisubiri, mwambie mtu anayekujua yalivyo, leo, na akae na wewe. Kwenye utafiti wa Caitlin Ryan na wenzake Marekani mwaka 2009, vijana waliokataliwa sana na familia zao walikuwa mara 8.4 zaidi kusema wamewahi kujaribu kujiua kuliko wenzao ambao familia hazikuwakataa au ziliwakataa kidogo. Nataja kwa sababu nilidhani mimi ni dhaifu peke yangu.

Matumaini sijayaua, sijui kama yanauawa. Nilichofanya ni kuyapunguza ukubwa. Zamani nilikuwa nasubiri "wabadilike", kitu ambacho huwezi kujua kimeanza lini wala kimefika wapi. Sasa nina kipimo kidogo, wakinitafuta bila kuniwekea "mpaka" nitapokea, wakija na "mpaka" nitasema kwaheri kwa adabu na kukata. Kuangalia mama yuko hewani saa ngapi nimejikataza, nimekificha kile kipengele kwenye simu, wiki mbili za kwanza vidole vilikuwa vinakitafuta vyenyewe. Kuhusu radhi, maana lazima kuna mtu atanitajia radhi ya wazazi, sikuwatukana, sikuwaibia, sikuwatelekeza, walionifungia ni wao, kwa hiyo hilo nimeliweka chini.

Mwezi uliopita mama kaandika. Saa nne usiku, neno moja, "Umekula?" Hakuna salamu, hakuna baba yako anasemaje, hakuna mpaka. Nililiangalia muda mrefu nikisubiri hasira ije, ikaja kweli, miaka miwili alafu unaniuliza nimekula, ikafuatiwa na kilio, nikaviacha vyote viwili vikae. Alafu nikajibu, "Nimekula mama. Wewe?" nikaiweka simu kifudifudi nikaenda kuoga.