Droo ya Pili

Kwa kuwa yule jamaa wa stoo ameshaanza kusambaza toleo lake, lenye chumvi ya kukaushia papa mzima, acheni niseme mwenyewe. Na sikulia. Lile lilikuwa jasho la malaria.

Jumatano tarehe 5 niliamka meno yanagongana. Zahanati wakanitoboa kidole, wakanipa dawa mseto, vidonge 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku 3, na ED ya siku hizohizo. Palepale kwenye benchi nikamwandikia bosi:

"Shikamoo Madam. Nina malaria, nimepewa ED ya siku 3, leo hadi Ijumaa, picha yake hii hapa. Nitarudi Jumatatu tarehe 10. Cha haraka ni kimoja: PAYE ya mwezi uliopita mwisho wake ni Ijumaa tarehe 7. Kontroli namba nimeshaitoa, karatasi iko droo yangu ya pili, bado kulipa benki tu. Mengine yatanisubiri."

Ujumbe safi, au siyo? Ila sikutaja nani akaichukue. Usipotaja mtu, bosi anakwenda mwenyewe. Halafu karatasi ilikuwa droo ya tatu.

Saa 5 simu ikaita, ya video. Nikapokea, shuka hadi kidevuni. Naona meza yangu. Naona mkono wa Madam na bangili zake. Nyuma yake vichwa viwili: mapokezi na huyo wa stoo.

"Ya pili, siyo?"

"Ndiyo Madam," nikajibu kwa kujiamini kabisa.

Droo ile hukwama. Akavuta mara ya kwanza, ikagoma. Mara ya pili ikafunguka kwa kishindo, na kitu kikalia chwaa! Vijiko. Vijiko 7 vya ofisi, vilevile tulivyovikalia kikao mwezi jana, nami ndiye niliyependekeza mwizi akatwe mshahara. (Siyo wizi jamani! Nakula mezani, nasahau kurudisha.)

Madam hakusema kitu. Akavisogeza kimoja kimoja. Chini yake daftari langu la madeni, maana nauza mayai. Nikataka kusema "siyo hilo," koo likakauka. Akafungua, akasoma kwa sauti ya kuendeshea vikao:

"Mlinzi, 4,500. Mapokezi, 9,000. Bi Kikao, trei 2, 18,000, anajifanya amesahau."

Kimya. Nikasikia feni ya ofisi kutoka kitandani kwangu.

"Bi Kikao ndiye nani?"

Wa stoo akakohoa. Kile kikohozi sitamsamehe.

"Madam," nikasema, "ni droo ya tatu."

PAYE ililipwa Alhamisi. Mimi nikamaliza dozi, nikarudi Jumatatu kama nilivyoandika. Mezani nikakuta bahasha yenye 18,000 taslimu, na kikaratasi: "Kikao saa 4. Njoo na vijiko."