Nguzo ikitoboa slabu, usikimbilie nondo

Mhandisi akikuta slabu isiyo na boriti inashindwa kwa kutobolewa na nguzo ya kati, mara nyingi huongeza nondo za juu kisha anarudia hesabu. Kwa maoni yangu hiyo ni tiba dhaifu, na hesabu yenyewe inasema hivyo.

Chukua slabu ya milimita 250 juu ya nguzo za 400 kwa 400, zilizoachana mita 7 kila upande, zege C25/30. Mzigo wa usanifu ukiwa kN 16.3 kwa mita ya mraba, nguzo inapokea karibu kN 800. Eurocode 2, kanuni ya Ulaya ya usanifu wa zege, huuzidisha kwa 1.15, kwa kuwa mzigo haulemei pande zote sawasawa, hivyo tunafika kN 920. Kina cha kazi, yaani kutoka chini ya slabu hadi katikati ya nondo za juu, ni milimita 210. Mstari wa ukaguzi huizunguka nguzo kwa umbali wa mara mbili ya kina hicho, na urefu wake ni milimita 4,240. Gawanya mzigo kwa urefu huo mara kina, na mkazo unatoka 1.03 N/mm². Zege, likiwa na nondo za juu asilimia 0.8, linahimili 0.64 tu.

Sasa zidisha nondo mara mbili. Uwezo unapanda hadi 0.81 peke yake, maana kiasi cha nondo kimo ndani ya kipeuo cha tatu. Panua nguzo iwe 600 kwa 600: mkazo unashuka hadi 0.87. Umefanya yote mawili, na bado slabu inashindwa!

Kinachosaidia kweli ni kina. Nenepesha slabu kwa chini milimita 150, eneo la mita 2.4 kwa 2.4 kuzunguka nguzo. Mkazo unakuwa 0.42 na uwezo 0.47, ingawa asilimia ya nondo imepungua. Kagua tena nje ya unene huo, pale slabu inaporudi 250. Hapa inapita vizuri.

Msanifu majengo atalalamika kwamba mabomba ya hewa hayapiti. Hapo ndipo pete za kuzuia kutoboka zinapoingia, lakini nazo zina kikomo. Eurocode 2 iliyorekebishwa inapendekeza mkazo usizidi mara 1.5 ya uwezo wa zege, na slabu yetu isiyonenepeshwa iko 1.6. Uingereza inaruhusu hadi mara 2. Pete zenyewe lazima zishike nondo za juu, ya kwanza isiwe mbali na uso wa nguzo kuliko nusu ya kina.

Na kwenye saiti, simamieni viti vya nondo kabla ya kumwaga zege. Mafundi wakizikanyaga nondo za juu zikashuka milimita 20, mkazo ule wa 1.03 unakuwa 1.21, na hakuna atakayeuona mpaka slabu ipasuke ghafla.