Viti maalum vya bunge la kaunti: hesabu huanzia wadini

“Huyu MCA wa kuteuliwa hana wadi na hakuna aliyempigia kura. Anawajibika kwa nani? Si afadhali tuviondoe viti hivi tuokoe pesa?”

Ndivyo alivyoniuliza mtu mmoja kuhusu MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, anayeingia kwa orodha ya chama. Nianze na hesabu, maana wengi hudhani kuna mahali palipoandikwa kwamba kaunti fulani itakuwa na viti maalum kadhaa vya wanawake. Hapajaandikwa. Kifungu cha 177 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema tu kwamba wateuliwe watu wa kutosha ili jinsia moja isizidi theluthi mbili ya bunge la kaunti. Idadi yenyewe huamuliwa na wapiga kura wa wadi, usiku wa kuhesabu kura, bila wao kujua kwamba wanaiamua.

Chukua bunge lenye wadi 30, kama la Mombasa. Niache kando kwa sasa vile viti vichache vya vijana, walemavu na makundi mengine yaliyotengwa, ili hesabu ionekane vizuri. Tuseme wadi 27 zimechagua wanaume na 3 zimechagua wanawake. Ili wanaume 27 wasizidi theluthi mbili, wanawake lazima wafikie nusu ya idadi yao, kwa hiyo wawe 14. Watatu wapo tayari, 11 watateuliwa. Sasa rudisha wadi moja nyuma: mwanamke ambaye angeshindwa kwa kura mia mbili ameshinda. Wanaume ni 26, nusu yao ni 13, wanawake waliochaguliwa ni 4, na wa kuteuliwa ni 9. Wadi moja tu imepunguza viti viwili vya kuteuliwa. Endelea hivyo mpaka wadi 10 zichague wanawake na hutahitaji kumteua hata mmoja.

Hesabu hii hainitoki akilini, na nadhani ndiyo inayokosekana kila tunapobishana kuhusu gharama. Mwaka 2013, katika wadi 1,450 za Kenya nzima, wanawake walioshinda walikuwa 82. Mwaka 2017 wakawa 96, na 2022 wakafika 115. Uchukulie kwamba nchi nzima ni bunge moja: wanaume 1,335 wanahitaji wanawake 668, hivyo pengo lilikuwa viti 553. Kila kaunti hupigiwa hesabu yake peke yake, kwa hiyo jumla halisi haiwezi kulingana sawasawa na hiyo, lakini ukubwa wa jambo unauona. Mshahara wa MCA wa kuteuliwa tunaoulalamikia ulianza kulipwa kwenye kura ya mchujo ya chama, pale mwanamke aliyekuwa na nafasi alipotishwa au alipoambiwa ampishe mwenzake kwa ahadi kwamba “utakumbukwa kwenye orodha”. Ahadi hiyo huonekana kama zawadi, kumbe kila mwanamke anayeondolewa wadini huongeza kiti kimoja na nusu, kwa wastani, kwenye bili ya kaunti.

Kwa hiyo anayesema “hakuna aliyempigia kura” amesema nusu ya ukweli. Jina lake halikuwa kwenye karatasi ya kura. Lakini viti hivi hugawiwa vyama kulingana na viti vya wadi ambavyo kila chama kimeshinda katika kaunti hiyo. Chama kilichopata wadi 18 kati ya 30 kitachukua karibu viti 7 kati ya vile 11. Ulipompigia kura mwakilishi wa wadi yako, ulipigia pia orodha ya chama chake. Ila hukuisoma, na hapo sikulaumu, maana hakuna mkutano wa kampeni niliowahi kuhudhuria ambapo orodha hiyo ilisomwa kwa sauti.

Wanawake hawa waliingia mabungeni 2013 wakapokewa kwa jina la “bonga pointi”, zile pointi za bure unazopewa ukitumia muda wa maongezi. Jina likashika. Nimelisikia likitumiwa na watu ambao hawangeweza kutaja hoja hata moja iliyoletwa na mwakilishi wao wa wadi.

Niliwahi kuketi kwenye kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti, katika ukumbi wa kanisa wenye madirisha mawili. Mwakilishi wa wadi alikuwa mbele, na kwa saa nzima mazungumzo yalikuwa kuhusu murram: barabara ipi iwekwe, ipi ingoje. Mama mmoja aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu akasema kwamba zahanati mpya ina ngazi tatu mlangoni, na hupimwa presha akiwa nje juani. Mwenyekiti wa kikao akamshukuru na kurudi kwenye murram. Aliyeandika ni MCA wa kuteuliwa aliyekuwa ameketi safu ya nyuma. Kikao kilipokwisha alimfuata yule mama akamuuliza jina la zahanati, upana wa mlango na kama choo nacho kina ngazi. Baadaye njia ya mteremko ilijengwa, baada ya yeye kuisimamia kwenye kamati ya afya. Kibao kilichobandikwa ukutani kina jina la mwakilishi wa wadi.

Hapo ndipo ninapoona hatuwaelewi. Mwakilishi wa wadi hufuata kura zilipo, na katika wadi moja walemavu, wajane wanaodai ardhi au vijana wa kupanga chumba ni wachache mno kumwangusha. Ukiwakusanya kaunti nzima ni watu wengi, lakini wametawanyika. Mfumo wa wadi, kwa jinsi ulivyo, hauwaoni waliotawanyika. Kiti kisichofungwa na mpaka wa wadi ndicho kinachoweza kuwaona, na tukikifuta tutabaki na bunge la barabara na basari.

Hata hivyo, muulizaji wangu ameshika jambo zito, na sitaki kulipita haraka. MCA wa kuteuliwa anawajibika, tena kwa hofu kubwa kuliko mwenzake wa wadi. Tatizo ni mtu anayemwogopa. Mwakilishi wa wadi akitofautiana na chama mpaka akapoteza kiti chake, uchaguzi mdogo hufanyika. Anaweza kurudi kwa watu wake akiwa na tikiti ya chama kingine, awaeleze alipigania nini, wamrudishe au wamkatae. Wa kuteuliwa akifukuzwa chamani, Sheria ya Uchaguzi inasema kiti kinakwenda kwa mtu wa jinsia ileile anayemfuata kwenye orodha. Hakuna kampeni wala kura, na yule anayemfuata hukaa nyumbani akingoja akosee. Fikiria basi siku ya kupigia kura hoja ya kumwondoa gavana, chama kimetoa msimamo, na wewe una ushahidi wa zahanati zilizolipiwa bila kujengwa. Mwenzako wa wadi anaweza kujipima na wapiga kura wake. Wewe huna wa kujipima nao.

Sheria ya Serikali za Kaunti pia huzungumzia wapiga kura wa wadi kumwondoa mwakilishi wao kabla ya muhula kwisha. Njia hiyo ni ngumu hata kwa wenye wadi. Kwa wa kuteuliwa haina pa kuanzia, kwa kuwa hana sajili ya wapiga kura inayoweza kukusanyiwa sahihi.

Halafu kuna orodha zenyewe. Hazikosi mke wa fulani, dada wa fulani na karani wa ofisi ya chama. Chama hupanga majina kwa daraja, na aliye juu huingia kwanza, kwa hiyo anayeshika kalamu ndiye mpiga kura wa kweli. Na orodha ikishawasilishwa na washindi kutangazwa kwenye gazeti rasmi, Mahakama ya Juu iliamua 2016, katika kesi ya Moses Mwicigi, kwamba mlango uliobaki ni kesi ya uchaguzi. Mlemavu aliyewekwa nambari ya chini na mtu asiye na ulemavu hana budi kutafuta wakili. Nakubali kabisa kwamba hili ni doa.

Kuna kasoro nyingine isiyotajwa sana. Tunaviita viti vya uwiano, lakini uwiano wenyewe ni wa viti vilivyoshindwa, kura hazihesabiwi. Chama kilichoshika nafasi ya pili katika wadi zote 30, hata kikiwa na asilimia 40 ya kura kila mahali, hakipati kiti maalum hata kimoja. Basi katika kaunti yenye chama kimoja kikubwa, wawakilishi wa kuteuliwa huongeza nguvu ya chama kilekile cha gavana. Ukosoaji unaolipata bunge la kaunti kwa kulala mbele ya gavana unawaangukia wao, hali chanzo chake kimo kwenye kanuni ya kugawa viti.

Je, dawa ni kuviondoa? Bunge la Taifa limetuonyesha kinachotokea kanuni ya theluthi mbili inapowekwa bila utaratibu wa kuitimiza. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kuitimiza kanuni hiyo, na Bunge halikuvunjwa. Kaunti zimeitimiza kwa sababu ya viti hivi tunavyovikejeli.

Majirani zetu Uganda walichukua njia nyingine. Theluthi moja ya baraza la wilaya ni madiwani wanawake, na kila mmoja huchaguliwa na wapiga kura wa eneo lililounganishwa kutoka maeneo kadhaa ya kawaida. Vijana na walemavu nao wana madiwani wao, mwanamume na mwanamke kwa kila kundi. Faida yake ni kwamba diwani mwanamke ana watu wa kurudi kwao na kuwaambia nilipinga chama kwa sababu hii. Hasara ni kwamba eneo lake ni kubwa kuliko la diwani wa kawaida, na watu huzoea kumwambia mwanamke anayetaka kiti cha kawaida kwamba chake kipo kule. Sisi Wakenya tunalijua neno hilo kutoka kiti cha mwakilishi wa kike wa kaunti.

Ningechukua jambo moja dogo kutoka Uganda bila kubadili Katiba: kila MCA wa kuteuliwa atangazwe siku ya kuapishwa kwamba anashughulikia kundi gani na tarafa zipi, na kura zake bungeni zibandikwe huko. Hilo kanuni za kudumu za bunge la kaunti zinaliweza. Kumwondolea hofu ya chama ni kazi ngumu zaidi, maana inataka Sheria ya Uchaguzi irekebishwe ili kufukuzwa chamani peke yake kusimpokonye kiti mpaka mahakama ithibitishe sababu, na watakaopiga kura kuipitisha ni walewale wanaoshika kalamu ya orodha.

Mpaka hapo, anayetaka viti vya kuteuliwa vipungue ana kazi ya kufanya kabla ya Agosti 2027, nayo ni kwenye mchujo wa wadi yake. Katika bunge lile la wadi 30, kuwapitisha wanawake wawili zaidi kunaondoa viti vitatu.