Bado Anaona Siku Zake: Huzuni ya Miaka Arubaini na Kitu

"Mama yangu ana miaka 46, analima mwani Micheweni. Tangu mwaka jana hatumwelewi: hasira, machozi, usiku halali. Baba ameoa mke wa pili Unguja, basi watu wanasema ni wivu. Tumemsomea, kombe amekunywa. Hospitali wakampima homoni mara moja, wakasema ziko sawa, tena bado anaona siku zake. Je, hizi ni homoni au ni mtihani wa ndoa?"

Nianze na hicho kipimo, maana ndicho kilichowafunga midomo. Watu wengi huamini kwamba homoni humsumbua mwanamke pale zinapokwisha, kwa hiyo anayeendelea kupata hedhi hana la kusingizia. Kumbe miaka mibaya kwa wengi ni ile ya kabla ya ukomo wa hedhi. Katika miaka hiyo estrojeni, homoni kuu ya kike, haishuki taratibu kama maji ya kisima wakati wa kiangazi. Hupanda kupita kiasi cha ujana, ikaporomoka, ikapanda tena, na ubongo wa baadhi ya wanawake hauvumilii hayo mapando na maporomoko. Damu iliyotolewa Jumatatu inaeleza Jumatatu tu. Homoni ya FSH, ambayo ndiyo hupimwa mara nyingi, inaweza kuwa juu mwezi huu na mwezi ujao ikarudi chini. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2015 unawaambia madaktari wasiitegemee FSH kumtambua mwanamke wa zaidi ya miaka 45 aliyefika miaka hiyo ya ukomo. Karatasi ya mama ilikuwa sahihi, ila haikujibu swali lenu.

Kinachojibu vizuri zaidi ni mpangilio wa hedhi, na hapa wanawake wetu wana mali wasiyoihesabu. Mwanamke wa Pemba anajua siku alizoacha sala na siku alizojitoharisha. Anajua anadaiwa saumu ngapi za Ramadhani, na ikiwa damu imepita siku 15 anajua kwamba hiyo si hedhi tena, ni istihadha. Kazi iliyobaki ni kuandika tu. Wataalamu husema mwanamke ameingia katika miaka ya kuelekea ukomo pale mzunguko mmoja unapopishana na unaofuata kwa siku 7 au zaidi, na jambo hilo likajirudia ndani ya mizunguko 10. Ikipita miezi miwili kamili bila damu, na si mimba, amesogea mbele zaidi. Tuseme mama alikuwa mtu wa siku 28, na sasa daftari linasema 25, 36, 27, 41. Huyo ameshaingia, karatasi ya maabara iseme itakavyo. Isipokuwa kama anachoma sindano ya uzazi wa mpango au ana vijiti mkononi. Hapo hedhi inavurugwa na dawa na daftari halitatuambia kitu.

Sasa ndoa. Wanaosema ni mtihani wa maisha hawakukosea, nami sitaki kuwapuuza. Mume kuoa tena, mtoto kuhamia Dar, mama mzazi kulala kitandani akihitaji kugeuzwa: yote huangukia umri huohuo, na yanatosha kumvunja mtu mwenye homoni tulivu kabisa. Aliyewahi kuugua sonona ujanani, au baada ya kujifungua, yumo hatarini zaidi kuliko aliyeanza tu kuona fukuto, yaani joto la ghafla mwilini. Na kusema "ni homoni" kunaweza kuwa njia ya adabu ya kutomsikiliza, kama vile "ni wivu".

Lakini kuna utafiti mmoja ninaourudia kila mara, uliochapishwa mwaka 2018 huko Marekani. Walichukuliwa wanawake 172 wa miaka 45 hadi 60, wazima, wasio na sonona. Nusu walibandikwa kiraka cha estrojeni na kupewa projesteroni kwa vipindi, nusu wakapewa visivyo na dawa, kwa mwaka mmoja. Waliopata dalili nzito za huzuni walikuwa kama 32 katika kila 100 kwa wasio na dawa, na kama 17 kwa wenye dawa. Tusizipe tarakimu hizo zaidi ya haki yake. Maana yake ni kwamba 68 katika 100 wangepita salama bila kitu, na 17 waliumwa juu ya dawa. Wenye kiraka walisumbuliwa zaidi na damu isiyo na mpango. Mwongozo wa wataalamu wa mwaka huohuo haukupendekeza estrojeni kama kinga ya sonona.

Ninachokishika mimi ni kitu kingine humohumo. Walionufaika zaidi walikuwa wale waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza safari hii, na wale waliopatwa na mitihani mingi ya maisha miezi michache kabla. Ingekuwa ndoa na homoni ni maelezo mawili yanayogombania mgonjwa mmoja, kiraka kingewasaidia zaidi wasio na matatizo nyumbani. Imekuwa kinyume. Inaelekea estrojeni inapoyumba, pigo ambalo mwanamke angelibeba akiwa na miaka 36 linamwangusha akiwa na 46. Kwa hiyo nikiambiwa "ni wivu", nauliza: mbona wivu huu haumwachi alale hata wiki ambayo baba yuko Pemba?

Kabla ya kusema ni homoni au ni ndoa, lakini, kuna mambo mawili ya kupima, na haya damu inayajibu. Mizunguko isiyo na yai huleta damu nyingi, damu nyingi huleta upungufu wa damu, na mwenye hemoglobini chini ya 12 huchoka, moyo humwenda mbio, hana hamu ya kwenda pwani hata maji yakitoka vizuri. Ukimtazama utasema ana huzuni. La pili ni tezi ya shingo, inayopimwa kwa TSH. Ikilegea humfanya mtu mzito na mnyonge, ikizidi kazi humfanya ahangaike na atokwe jasho, mtu akadhani ni fukuto.

Daftari, basi, liwe na safu tatu kwa miezi mitatu: siku za damu, usingizi wa usiku, na hali ya moyo kwa alama ya 0 hadi 10. Moyo unaochafuka siku chache kabla ya damu kisha ukatulia, au unaofuata usiku wa jasho, unaelekeza kwenye homoni. Hali iliyo chini karibu kila siku kwa wiki mbili mfululizo, asiyefurahia hata mjukuu, anayejiona hana thamani, hiyo ni sonona hata kama homoni ndizo zilizoianzisha, na tiba yake ya kwanza ni mazungumzo na dawa za sonona. Estrojeni yaweza kuongezwa miaka hii ya kuyumba, kwa daktari aliyeuliza habari za saratani ya matiti na damu kuganda. Hedhi ikishakoma kabisa, haijaonesha kuitibu sonona. Akisema anatamani kufa, msingoje miezi mitatu wala daftari. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, msimwache peke yake.

Na muulize mama, akiwa peke yake na wewe, usingizi ulianza kumpotea lini. Kama ni Rajabu, na habari ya Unguja ikamfikia Shawali, andika hivyo hivyo juu ya ukurasa wa kwanza, umpe daktari asome.