Sanduku lililonipiga teke mbele ya mama mkwe

Jamaa yangu ameshasambaza kwamba nilirushwa hadi darini. Uongo. Nilianguka magoti tu. Naeleza mwenyewe kabla hajaongeza helikopta.

Ni lile sanduku la kuhifadhia mablanketi, linalofunguka kwenda juu. Mfuniko ulinichosha kuushikilia, nikanunua shokapu mbili za gesi. Zilikuwepo zilizoandikwa 60N na 200N, yaani nyutoni, kipimo cha nguvu ya kusukuma. Mimi nani nichukue 60? Nikabeba 200, nikazifunga kwa mikono hii hii, na ili kufunga mfuniko ilibidi niukalie. Hapo mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilisema, "Vitu imara hivi!"

Wageni wakaja, viti havikutosha, nikajikalia sandukuni. Mama mkwe akaomba maji. Nikasimama, nikainama kuchukua sinia la vikombe mezani.

Sasa twende polepole. Mfuniko ukiwa umefungwa, shokapu hulala karibu na bawaba, nguvu yake nyingi inapotea. Kwa hiyo nyuma yangu mfuniko uliinuka kidole kimoja, kimya kabisa. Kisha viwili. Kadiri unavyoinuka, shokapu inazidi kusimama na kupata pa kusukumia. Nikasikia "fsss". Nikadhani ni mtoto. (Msicheke, mngedhani hivyo hivyo.) Halafu ukingo ukanipata pale pale panapokaliwa, nami nikaenda mbele na sinia, kwa heshima zote, hadi miguuni pa mama mkwe. Vikombe vilitangulia.

Mfuniko haukuishia hapo. Nilikuwa nimefunga shokapu kichwa chini: bomba chini, ufito juu. Ufito ulitakiwa uelekee chini sanduku likiwa limefungwa, ili mafuta ya ndani yakae upande wa ufito, yalainishe mpira na kupunguza kasi mwishoni. Yangu haikupunguza kitu. Ikagonga mwisho "pwaa!", skrubu za bawaba zikang'oka kwenye chipbodi, na mfuniko ukabaki ukining'inia kwenye shokapu.

Jamaa yangu, akifuta machozi ya kicheko, akanipigia hesabu. Nyutoni 10 ni kama kilo moja, kwa hiyo mfuniko wangu wa kilo 5 ni nyutoni 50. Una kina cha sentimita 45, uzito wake unakaa katikati, 22.5 kutoka kwenye bawaba. Shokapu ikifunguka inasukuma kwa umbali wa kama sentimita 10 kutoka kwenye bawaba. Zidisha 50 kwa 22.5, gawa kwa 10: nyutoni 112 na kitu. Gawia mbili, kila moja 56. Zile za 60 nilizozidharau zingetosha. Mimi niliweka 400 kwa jumla, ndiyo maana nilikuwa nakalia mtego.

Nimeziba matundu, nimehamisha bawaba, nimefunga za 60, ufito chini. Yameisha.

Ila mama mkwe alipoaga, alitupa jicho kwenye kabati la ukutani lenye mlango wa kwenda juu, akauliza taratibu, "Na hili, mwanangu, umelifunga wewe?"

Nalo nimelifunga mimi.