Nusu sekunde ya ukimya haitoshi kujua kwamba mtu amemaliza kusema

Ukizungumza na kisaidizi cha sauti, hubonyezi kitufe kuonyesha kwamba umemaliza. Kifaa ndicho kinachoamua, na katika mifumo mingi uamuzi huo unategemea jambo moja kubwa: ukimya umedumu muda gani. Kikomo kinachowekwa mara nyingi ni kati ya nusu sekunde na sekunde moja. Watengenezaji wanaokipunguza wana sababu za maana, na watumiaji wanaolalamika kwamba wanakatwa kauli nao wana haki. Ila kwa maoni yangu mzani umeelemea upande wa haraka kwa sababu ya namna mambo yanavyopimwa, na hilo ndilo linalostahili kuangaliwa kwa karibu.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Sauti inayoingia kwenye maikrofoni hukatwa vipande vya milisekunde 10 hadi 30, na kwa kila kipande programu ndogo huamua kama kuna mtu anayesema au hakuna. Asipokuwepo, hesabu ya ukimya inaanza. Akisema tena, hesabu inarudi sifuri. Ikifika kwenye kikomo, maikrofoni inafungwa na ombi linapelekwa kufanyiwa kazi. Kikomo hakiwezi kuwa kidogo mno, maana hata katikati ya neno kuna ukimya. Tamka "kata" taratibu: kwenye "t" ulimi huziba njia ya hewa, na kwa makumi ya milisekunde hakuna kinachosikika. Pia kuna suala la mwisho wa neno. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo silabi ya mwisho hutoka kwa nguvu ndogo, na penye kelele kifaa kinaweza kuihesabu kuwa ukimya. Nusu sekunde iliyoandikwa kwenye mipangilio basi inapungua, kwa sababu hesabu imeanza mtu akiwa bado anamalizia neno.

Wanaotaka kikomo kifupi wanaanzia kwenye hoja ambayo kila mtumiaji anaihisi. Muda wa ukimya unaongezwa juu ya kila kitu kingine: safari ya mtandao, kutambua maneno, kutafuta jibu. Mtu aliyesema "zima taa" akasubiri sekunde mbili hudhani hajasikika, anarudia, na kurudia kwake kunaingia ndani ya ombi lilelile. Maikrofoni inayobaki wazi hunasa pia televisheni, mtoto anayepita, au mwenzako anayekuuliza kitu, na maneno yao yanaungana na yako. Tena wapo wanaosema, kwa haki kabisa, kwamba kifaa kilichomo chumbani kwao kisisikilize hata dakika moja zaidi ya lazima. Sioni namna ya kuzipuuza hoja hizi, na anayependekeza sekunde tatu kwa kila ombi hajawahi kutumia kifaa cha namna hiyo jikoni.

Tatizo ni kwamba ukimya peke yake haubebi habari inayotafutwa. Utafiti wa Tanya Stivers na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, ulilinganisha lugha 10 na kukuta kwamba katika mazungumzo ya kawaida pengo kati ya msemaji mmoja na anayemjibu huzunguka milisekunde 200 hivi. Wapo wanaoutaja utafiti huo kutetea kikomo kifupi, na hapo wanakosea. Binadamu hangoji ukimya ndipo ajue zamu yake imefika. Anaitabiri kwa maana ya sentensi, kwa kiimbo na kwa macho, na huanza kuandaa jibu mwenzake akiwa bado anasema. Tena kuna jambo linalojulikana vizuri kwa wanaochunguza mazungumzo: mtu anapotua katikati ya maneno yake mwenyewe, pengo hilo mara nyingi ni refu kuliko lile linalotenganisha wasemaji wawili. Kwa hiyo hakuna namba utakayoichagua itakayotenganisha "amemaliza" na "anafikiri". Ukiipunguza unakata watu, ukiiongeza unawachelewesha.

Ndiyo maana mifumo mingine haitumii namba moja. Kaldi, programu huria ya kutambua usemi ambayo imetumika sana katika utafiti na bidhaa, inakuja na kanuni tano za kuamua mwisho, na tatu kati yake zinahusu mtu ambaye ameshasema kitu:

```
--endpoint.rule2.min-trailing-silence=0.5
--endpoint.rule3.min-trailing-silence=1.0
--endpoint.rule4.min-trailing-silence=2.0
```

Kanuni ya pili inafunga baada ya nusu sekunde iwapo maneno yaliyokwisha kusikika yanaonekana wazi kuwa yanaweza kuishia hapo. Ya tatu inasubiri sekunde nzima kama mwisho huo una shaka kiasi. Ya nne inasubiri sekunde mbili, hata kama sentensi inaonekana imeishia njiani. Mbili zilizobaki ni za kulinda tu: sekunde 5 za ukimya kama mtu hajasema lolote, na sekunde 20 kama sauti haikomi, kwa mfano feni inapodhaniwa kuwa mtu. Hizi ni thamani za mwanzo, na mhandisi anaweza kuzibadilisha.

Tuzijaribu kwa ombi moja la Kiswahili. Mtu anataka kuamka mapema awahi basi. Anasema "Niamshe saa", anatua sekunde moja akikumbuka muda, kisha "kumi". "Niamshe saa" haiwezi kuishia hapo, kanuni ya nne inamsubiri, na anaokoka. Lakini amekusudia saa kumi na nusu alfajiri. Baada ya "kumi" anatua tena, safari hii milisekunde 700, ndipo aseme "na nusu alfajiri". Sasa "Niamshe saa kumi" ni ombi kamili. Kanuni ya pili ina kila sababu ya kulifunga kwenye milisekunde 500, na inalifunga. "Na nusu" imepotea, na pamoja nayo "alfajiri", neno pekee ambalo lingeeleza kama ni kabla ya jua kuchomoza au ni jioni.

Kiswahili kina maombi mengi yanayojengwa hivyo, ya kimsingi yakitangulia na ya kufafanua yakifuata. "Mpigie Juma" ni kamili, "wa duka la dawa" inakuja baadaye. "Tuma elfu ishirini" ni kamili, "na mia tano" inafuata. Kwa hiyo hata mfumo unaosoma maana, ambao ni hatua nzuri kuliko kuhesabu ukimya tu, utadanganyika pale ambapo sentensi inaweza kuishia mara tatu. Kiimbo kinaweza kusaidia, kwa sababu mtu anayekusudia kuendelea mara nyingi haishushi sauti yake kama anayemaliza. Lakini hilo lazima lifunzwe kwa sauti za wasemaji wa Kiswahili wanaosema kwa kutua, siyo kwa rekodi za watu wanaosoma sentensi zilizoandikwa, kwani msomaji hatafuti neno.

Tuangalie sasa namna hitilafu hii inavyoonekana upande wa kampuni. Ucheleweshaji ni rahisi kupima: saa inaanza sauti inapokoma, inaisha jibu linapotoka, na kila siku mkuu wa kitengo anaona namba ikipanda au kushuka. Kukatwa hakuonekani hivyo. Kwenye kumbukumbu za seva, "Niamshe saa kumi" ni ombi lililoeleweka, lililotekelezwa, lisilo na kosa. Rekodi yenyewe inaishia pale maikrofoni ilipofungwa, kwa hiyo hata mtu akiajiriwa kuisikiliza hatasikia "na nusu alfajiri". Modeli ikifunzwa kwa rekodi hizo, inajifunza kwamba watu huishia hapo. Watumiaji nao hujirekebisha: wanapanga sentensi nzima kichwani kabla ya kufungua mdomo, wanaisema haraka, au wanaacha kutumia sauti kabisa. Baada ya miezi kadhaa takwimu zinaonyesha kwamba milisekunde 500 zinawatosha karibu wote, na kwa waliobaki ni kweli.

Walioondoka si watu wa kubahatisha. Ni mwenye kigugumizi, ambaye sauti yake inaweza kuzibwa kabisa katikati ya neno. Ni mzee, ni mtu aliyepata kiharusi, ni anayeongea lugha ambayo si yake ya kwanza. Apple iliweka mwaka 2022, kwenye iOS 16, mpangilio wa kumwongezea Siri muda wa kusubiri, na ni hatua ya kweli, ingawa iko ndani ya sehemu ya ufikivu ambayo wengi hawaifungui. Kasoro yake ni kwamba inaongeza muda kwa kila ombi, hata kwa "ndiyo". Kwa anayetengeneza programu ya Android hali haina uhakika zaidi: kuna mpangilio wa urefu wa ukimya, `EXTRA_SPEECH_INPUT_COMPLETE_SILENCE_LENGTH_MILLIS`, lakini nyaraka zenyewe zinaonya kwamba, kulingana na kitambuzi kilichomo kwenye simu, thamani hiyo huenda isibadilishe chochote.

Njia ninayoiona bora ni kutenganisha kuanza kazi na kufunga masikio. Baada ya milisekunde 300 za ukimya mfumo unaweza kuanza kuandaa jibu huku maikrofoni ikiwa wazi. Mtu akiendelea, jibu linatupwa na linaandaliwa upya kwa ombi lililokamilika. Asipoendelea, jibu lipo tayari na hakuna aliyecheleweshwa. Gharama ipo: kazi inafanyika mara mbili, na betri na seva ndizo zinazolipa. Pia haifai kwa kila ombi. Hali ya hewa unaweza kuisahihisha sekunde moja baadaye, fedha zilizokwisha tumwa huwezi. Kwa malipo, ujumbe na simu, ningesubiri sekunde mbili na kuonyesha nilichosikia kabla ya kutekeleza, na ningevumilia malalamiko ya ucheleweshaji.

Pale mfumo unapojua umeuliza nini, usitumie ukimya kabisa kama kigezo cha kwanza. Namba ya simu ya mkononi ya Kenya au Tanzania inayoanza na sifuri ina tarakimu 10, na mtu anayeisoma kwenye karatasi hutua baada ya kila tatu au nne huku macho yakirudi kutafuta alipofika. Zikifika saba, bado tatu, na kifaa kinapaswa kuzingoja.

Upimaji nao lazima ubadilike. Tafuta watu wa umri na mazingira tofauti, kwa ridhaa yao, uwape kazi halisi za kusema kwa maneno yao, na urekodi kwa chombo cha pembeni kisichozimika mfumo unapofunga. Kisha msikilizaji aweke alama pale kila mtu alipomaliza kweli. Pitisha rekodi hizohizo kwa kikomo cha 500, 800, 1,200 na 2,000, na kwa kila kimoja andika namba mbili kando kwa kando: wangapi walikatwa, na waliobaki walingoja kiasi gani. Wenye kigugumizi na wazee wahesabiwe peke yao, maana wakichanganywa na wengine wastani utawafunika.